3.6 yake ilivyosomwa Ujerumani: kisa cha transkripti iliyopigwa picha upande mmoja

Saa nne usiku dada mmoja alinitumia picha saba wasap, chini yake kaandika "kaka samahani kwa usiku huu, naomba unitafsirie hizi kwa Kijerumani, kazi wameniuliza swali kuhusu GPA yangu na sijui nijibu nini". Natafsiri vyeti na makaratasi ya shule, kwa hiyo picha za namna hii napokea kila wiki, ila hiki kisa nimeamua kukieleza chote mwanzo mwisho kwa sababu yale makosa ambayo huwa nayaona moja kwa huyu na moja kwa yule, yeye yalimkuta yote kwa mpigo, na hakuna hata moja alilofanya kwa nia mbaya.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Ana digrii ya takwimu ya chuo cha Tanzania, GPA 3.6 kati ya 5.0, ambayo kwa mfumo wa vyuo vya kwetu ni daraja la pili la juu, ile watu wanaita apa sekondi (inaanzia 3.5 mpaka 4.3, na daraja la kwanza linaanzia 4.4). Kaomba kazi ya kuchambua data kwenye kampuni moja Ujerumani. Fomu ya mtandaoni ilikuwa na kiboksi kimoja tu cha GPA, kinapokea namba basi, hakuna pa kuandika ni kati ya ngapi, akaandika 3.6. Kwenye sivii, binamu yake alimwambia wazungu wanatumia 4.0 kwa hiyo chukua yako zidisha mara nne gawanya kwa tano, ikatoka 2.88, akaandika 2.88 kati ya 4.0. Kwenye barua ya maombi akaandika tu kwamba alimaliza na apa sekondi.

Kwa hiyo ofisi ya ajira kule ina karatasi tatu za mtu mmoja zenye majibu matatu. Imeili yao ilikuwa ya heshima kabisa, waliuliza mambo mawili, kwanza ipi kati ya 3.6 na 2.88 ndo sahihi, pili je 3.6 ina maana alifaulu kwa shida?

Hilo swali la pili ndo lilimuumiza. Akanipigia simu palepale.

"Kaka, apa sekondi ni kufaulu kwa shida?"

Nikamwambia hapana dada, ila elewa mtu aliyeuliza anasoma kwa macho gani. Ujerumani alama zinakwenda kinyume na zetu. 1.0 ndo ya juu kabisa na 4.0 ndo mwisho wa kufaulu, ukivuka hapo umefeli, na 5.0 kwenye mtihani ni kufeli moja kwa moja. Katikati wamegawa makundi, 1.0 mpaka 1.5 nzuri sana, 1.6 mpaka 2.5 nzuri, 2.6 mpaka 3.5 ya kuridhisha, na 3.6 mpaka 4.0 ni ile wanaita ya kutosha, yani umepita lakini ni kwa kuchungulia. Sasa weka 3.6 tupu mbele ya mtu aliyekua na mfumo huo tangu shule ya msingi, ataiona kwenye kundi la mwisho la waliofaulu. Na angekuwa na 4.6, daraja la kwanza kabisa, ingesomeka kama mtu aliyefeli. Yule mama wa ofisi ya ajira hakumdharau, alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakikusema ni kati ya ngapi wala mwelekeo wake ni upi.

Nikamuuliza sasa, kwenye transkripti yako si kuna jedwali la alama, lile linaloeleza A ni ngapi na B plasi ni ngapi na daraja linaanzia wapi? Akasema haoni. Nikazipitia picha zote saba, kweli halimo. Nikamwambia geuza karatasi. Kimya kidogo, alafu nikasikia "ooh, lipo huku nyuma".

Hapa ndo moyo wa kisa kizima. Transkripti nyingi jedwali hilo linachapwa nyuma ya karatasi, herufi ndogo, wino hafifu, na watu wanapiga mbele kwa sababu mbele ndo kuna masomo na jina na muhuri. Lakini mbele bila nyuma ni namba zisizo na maana nje ya chuo chako. Upande wa nyuma ndo unasema juu kabisa ni 5.0, wa kufaulu ni 2.0, A ni kuanzia 70, na madaraja yanagawanywa hivi na hivi. Mtu wa nchi nyingine hana pengine pa kuyapata isipokuwa aanze kubahatisha, na kubahatisha kunatoa majibu ya ajabu, nitaonyesha chini.

Kabla ya hapo nizungumzie picha zenyewe, maana hata mbele hakukusomeka vizuri. Kapiga usiku, karatasi iko juu ya kitanda, taa iko juu ya kichwa chake, kwa hiyo kivuli cha mkono na simu kimelala juu ya nusu ya masomo. Shuka limebonyea katikati na karatasi nayo imebonyea, mistari ya jedwali imepinda. Cheti chenyewe alikilamineti zamani ili kisichakae, na lile plastiki limerudisha mwanga wa taa likafanya duara jeupe palepale penye daraja. Kona ya juu kushoto ya cheti imekatwa nje ya picha. Na zote zimetumwa wasap kama picha za kawaida, kwa hiyo zimebanwa, ukikuza herufi unaona zimekuwa kama vumbi.

Kwenye transkripti kulikuwa na sehemu moja mbaya kuliko zote. Semista ya tatu, mstari wa tano, somo la kredit 12, gredi ni B alafu pembeni kuna doa la mwanga. Ni B au ni B plasi? Kwa mfumo huo B ni pointi 3 na B plasi ni pointi 4, sio kitu kidogo. Alikuwa hakumbuki, na mi siwezi kuandika ninachodhani kwenye tafsiri ninayoipigia muhuri.

Bahati nzuri transkripti inajihesabu yenyewe, na hii ni njia ambayo naitumia kila mara kujua kama nimesoma sawa. Unachukua kredit za kila somo unazidisha kwa pointi za gredi yake, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya kredit, lazima utoke na GPA iliyoandikwa chini ya semista. Semista yake ilikuwa na masomo sita yenye jumla ya kredit 60. Masomo matano yaliyosomeka yalikuwa A ya kredit 12 (pointi 60), B ya kredit 12 (36), B plasi ya kredit 8 (32), B ya kredit 8 (24), na B plasi nyingine ya kredit 8 (32), jumla 184. Lile la doa likiwa B linaongeza 36, inakuwa 220, gawa kwa 60 unapata 3.66. Likiwa B plasi linaongeza 48, inakuwa 232, gawa kwa 60 unapata 3.86. Chini ya semista imeandikwa 3.8. Kwa hiyo ni B plasi, na hapohapo unajua kitu kingine, kwamba hicho chuo hakipandishi desimali, kinakata tu, maana kingepandisha ingeandikwa 3.9.

Sasa pamoja na kwamba nilishajua jibu, bado sikuliandika. Hesabu inanisaidia kujua kama nina wasiwasi wa bure au kweli kuna shida, lakini tafsiri inatafsiri kinachoonekana kwenye karatasi. Pasiposomeka unaandika kwenye mabano ya mraba kwamba hapasomeki, na hayo maneno kwenye tafsiri ya transkripti ya mtu anayeomba kazi yanatia shaka kuliko gredi mbaya yoyote. Nikamwambia dada, hii kazi haianzi leo, kesho asubuhi upige upya.

Nikampa maelekezo, na naomba nieleze na sababu maana bila sababu watu hawafuati. Asubuhi, karibu na dirisha, lakini jua lisipige karatasi moja kwa moja. Karatasi iwe juu ya meza, kwenye kitu cha rangi nyeusi au ya kukolea ili kingo zote nne zionekane, kwa sababu anayepokea anataka kuona karatasi nzima haijakatwa, akiona kona haipo anajiuliza kuna nini pale. Flashi izimwe kabisa. Simu ishikwe sambamba na karatasi, juu yake kabisa, sio kutokea upande wa tumbo, na badala ya kuisogeza karibu sana irudi juu kidogo ukuze kidogo, herufi za pembeni hazivutiki. Kile chenye plastiki kisifunguliwe, maana ukijaribu kuchomoa cheti kwenye plastiki ya moto unachana wino wote na umekipoteza, badala yake ukigeuze taratibu pale dirishani huku unaangalia kwenye skrini mpaka ule mng'ao utoke juu ya maandishi.

Alafu kuna muhuri wa kubonyeza, ule usio na wino, unaousikia kwa kidole tu. Kwenye picha ya kutokea juu huwa haupo kabisa, cheti kinaonekana hakina muhuri. Ukitaka uonekane piga picha ya ziada, sehemu hiyo tu, mwanga ukitokea upande mmoja wa karatasi ukiwa chini, kivuli chake kinachora herufi zote.

Nilimkataza jambo moja kwa nguvu, zile apu za kuskani zina kichujio cha nyeusi na nyeupe ambacho kinafanya karatasi ing'ae kama mpya, na watu wanakipenda. Kinafuta mihuri. Muhuri wa bluu uliofifia kinauona ni uchafu kinautoa, sahihi ya kalamu ya bluu inabaki vipande vipande, na zile alama hafifu za usalama kwenye karatasi zinapotea zote. Apu yenyewe haina shida, ikinyoosha kingo na kutoa pdf ni vizuri, ila iachwe kwenye rangi. Na usifute wala kuziba chochote kwenye picha, hata namba ya usajili ambayo unaona ni siri yako, karatasi yenye kiraka inaonekana imechezewa hata kama ulichoziba ni kitu kidogo.

Mwisho kutuma, wasap unaweza kutuma kama dokumenti badala ya picha na haibani, au imeili. Basi.

Usiku uleule kabla hajalala akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. "Kaka sasa si unibadilishie tu kwenye tafsiri uandike ya Kijerumani ni ngapi, ili wasichanganyikiwe?"

Hapana, na hapa nataka nikae kidogo maana hata watafsiri wenzangu wengine wanafanya hili kwa huruma. Ipo fomula ambayo Wajerumani wanaitumia, wanaiita fomula ya Bavaria iliyorekebishwa, vyuo vyao vinaitumia sana kwenye kudahili wanafunzi wenye vyeti vya nje. Iko hivi:

```
x = 1 + 3 * (Nmax - Nd) / (Nmax - Nmin)
```

Nmax ni alama ya juu kabisa inayowezekana, Nmin ni alama ya chini kabisa ya kufaulu, Nd ni ya kwako. Ukiweka za huyu dada, 5.0 kutoa 3.6 ni 1.4, 5.0 kutoa 2.0 ni 3.0, unapata 1 jumlisha 1.4, yani 2.4. Kwa Ujerumani hiyo ni kundi la nzuri. Kutoka ya kutosha kwa kuchungulia mpaka nzuri, na mtu ni yuleyule.

Lakini angalia kinachotokea ukiwa huna ule upande wa nyuma. Mtu asiyejua wa kufaulu ni 2.0 akadhani skeli inaanzia 1, kwa hiyo Nmin ni 1.0, anapata 2.05. Akidhani inaanzia sifuri anapata 1.84. Na tuseme chuo kinatoa asilimia badala ya GPA, wastani wake ni 60, wa kufaulu ni 40, inatoka 3.0, ambayo ni ya kuridhisha, kundi la chini ya lile la mwanzo, wakati 60 kwa mfumo huohuo ndo gredi ya B plasi. Msomaji akidhani wa kufaulu ni 50 kama sehemu nyingine inatoka 3.4. Fomula ni ileile moja, kinachobadilika ni mtu kaona nini kwenye karatasi, na kile asichokiona anajaza mwenyewe.

Tena hata ukiwa na kila kitu, ile fomula inanyoosha mstari kati ya namba mbili, haijui walimu wanagawaje alama. Kwa mifumo iliyotokana na Uingereza A inaanzia 70 na mtu kupata 85 kwenye somo la kuandika ni habari ya kusimuliana, hizo 15 za juu zipo kwenye skeli lakini hazikai mtu. Ufaransa wana skeli ya 20, wa kufaulu ni 10, na ukipata 16 wewe umeshaingia kwenye sifa yao ya juu kabisa, 20 ni nadra sana kupatikana. Ukija Marekani kwa kawaida A inaanzia huko kwenye 90. Kwa hiyo asilimia 70 sehemu moja ni mwanafunzi bora na sehemu nyingine ni mtu wa kawaida, na hakuna kuzidisha wala kugawanya kunakoweza kulisema hilo. Ndo maana ile 2.88 ya binamu ilikuwa mbaya kuliko zote. Kuzidisha mara nne gawa kwa tano kunachukulia kwamba skeli mbili ni rula moja iliyokatwa urefu tofauti, wakati wale wanaofanya kazi ya kutathmini vyeti kwa ajili ya Marekani wanaenda somo kwa somo, wanaangalia gredi ya kila somo inalingana na gredi gani kule, alafu wanahesabu wastani upya. A yako haiwi sehemu nne za tano za kitu, inabaki A. Yeye kwa mikono yake alijishusha, alafu akaandika kwenye sivii kama vile chuo ndo kimempa hiyo namba.

Na hilo ndo linaloniogopesha kwa waombaji, sio kushuka. Siku kampuni ikilinganisha sivii na transkripti, 2.88 haipo popote kwenye transkripti. Binamu hayupo pale kueleza alizidisha nini. Kinachoonekana ni mtu aliyeandika alama ambayo chuo hakijampa.

Kwa hiyo kwenye tafsiri niliacha 3.6 ni 3.6, B plasi ni B plasi. Daraja la pili la juu nililiandika kama lilivyo kwenye cheti na pembeni nikaweka maana yake kwa Kijerumani neno kwa neno, sikuweka neno lao la nzuri, maana hilo ni kundi lao lenye mipaka yake na mi nikiliandika nimeshatoa hukumu ambayo hainihusu. Wala sikugusa yale maneno ya Kilatini ya sifa ambayo watu wanapenda kuyabandika. Jedwali la nyuma nililitafsiri lote neno kwa neno, na kwa sababu kwenye karatasi liko nyuma, nikaweka maelezo ya mtafsiri kwamba ni upande wa pili wa karatasi hiyohiyo. Maelezo mengine niliyoongeza ni sentensi moja, kwamba kwenye mfumo huu namba kubwa ndo bora. Hiyo sentensi moja inafanya kazi kuliko ubadilishaji wote, na ni ukweli unaoonekana kwenye karatasi yenyewe.

Tukaja kwenye kurekebisha alichoandika mwenyewe. Sivii tulitoa 2.88 tukaweka mstari mmoja:

```
GPA 3.6 / 5.0 (highest 5.0, lowest pass 2.0), Second Class, Upper Division
```

Maneno yale ya mwisho yawe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye cheti. Mtu akiuona huo mstari hana swali, na akitaka kuweka fomula yake ana namba zote tatu mkononi.

Ile fomu ya kiboksi kimoja ilikuwa imeshatumwa, haibadiliki. Angekuwa bado, ningemwambia kama kiboksi sio cha lazima kiache wazi, na kama ni cha lazima weka namba iliyo kwenye transkripti yako alafu tafuta sehemu ya maelezo ya ziada uandike ni kati ya ngapi, usiweke namba uliyoitengeneza nyumbani. Kwa hiyo 3.6 aliyoweka haikuwa kosa, ilikosa mwenzake tu.

Jibu la imeili aliandika mwenyewe, mi nilipunguza tu. Alitaka kuanza kwa kuomba msamaha mistari minne na kueleza habari za binamu, nikamwambia dada hawajakutuhumu, wameuliza, jibu swali. Likabaki fupi, kwamba GPA iliyotolewa na chuo ni 3.6 kwenye skeli ambayo 5.0 ndo ya juu na 2.0 ndo ya kufaulu, kwamba 2.88 ilikuwa makadirio yake binafsi na ameitoa kwenye sivii mpya iliyoambatishwa, na kwamba jedwali la chuo liko ukurasa wa pili wa transkripti, na huo nao umeambatishwa. Hilo la kusema wazi kwamba 2.88 niliihesabu mwenyewe lilimpa shida kidogo, alitaka tuseme ilikuwa makosa ya kuchapa. Tulikataliana pale kama dakika kumi. Makosa ya kuchapa hayatoi 2.88 kati ya 4.0, yeyote mwenye kikokotoo atajua ndani ya nusu dakika imetoka wapi, na hapo ndo ungekuwa umesema uongo kweli wakati mwanzo hukusema. Akakubali.

Picha mpya zilifika asubuhi, kurasa nne kwenye pdf moja, mbele na nyuma, za rangi. Doa halipo, ni B plasi kama hesabu ilivyosema. Jedwali la nyuma wino wake hafifu lakini linasomeka mpaka mstari wa mwisho. Nilitafsiri siku hiyohiyo, nikapitia semista zote sita kwa ile hesabu ya kredit, zote zikakubali isipokuwa moja, kumbe nilisoma kredit 8 kama 6, na hilo lilikuwa la kwangu sio la picha.

Walimjibu baada ya siku tatu. Wameshukuru, wameelewa, wao kwa fomula yao wamepata 2.4, lakini wakasema kwa nafasi hiyo alama sio kigezo cha kukata, wanachohitaji kwa ajili ya kibali cha kazi ni kuthibitisha kwamba digrii yenyewe inalingana na ya kwao. Hapo ni habari nyingine, kuna hifadhidata inaitwa `anabin`, unatafuta chuo chako unaona kama kimewekwa `H+`, yani kinatambulika, alafu unatafuta aina ya digrii yako kama imelinganishwa na ya kwao. Huko hakuna anayeuliza GPA. Kinachoangaliwa ni jina la chuo na jina la digrii, vinavyosomeka kwenye cheti, sio kwenye transkripti. Nikafungua cheti chake kwenye ile pdf mpya, daraja linaonekana, plastiki haing'ai, muhuri wa kubonyeza upo kwenye picha yake ya pembeni, ila kona ya juu kushoto, palepale linapoanzia jina la chuo, ilikuwa bado nje ya picha kwa upana wa kidole. Nikamwandikia, "dada, rudi dirishani mara moja, hiki kimoja tu".